Mali kauli: jinsi ya kupatana muda wa malipo na muuzaji wa jumla

Mali kauli ni mzigo ambao mwenye duka anauchukua kwa muuzaji wa jumla bila kulipa papo hapo, kwa ahadi ya kulipa baada ya siku walizokubaliana. Ni tofauti na mzigo wa kumuuzia mtu kwa niaba yake, ambao ukibaki hurudishwa. Katika mali kauli mzigo unakuwa wako tangu unapoupokea, kwa hiyo hata ukidoda, ukiibwa au ukilowa, deni linabaki palepale. Tofauti hiyo isipowekwa wazi mwanzoni, ugomvi huzuka siku ya malipo, mmoja akidai fedha na mwingine akitaka kurudisha katoni.

Wenye maduka wengi huomba mzigo mkubwa kadiri muuzaji atakavyokubali, kisha hupokea muda wowote watakaopewa. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: kwanza ujue mzigo unatoka kwa kasi gani dukani kwako, halafu kasi hiyo ndiyo iamue kiasi utakachochukua na siku utakazoomba.

Tuchukue mfano wa duka linalouza katoni 2 za sabuni kwa siku, kwa faida ya asilimia 10 juu ya bei ya kununulia. Mwenye duka amepewa katoni 100 kwa siku 30. Siku ya 30 ikifika, atakuwa ameuza katoni 60, na fedha aliyoipata, hata kama wateja wote wamelipa taslimu na hajagusa senti kwa matumizi, inatosha kulipia katoni 66 tu. Ili alipe deni lote anahitaji kuuza katoni 91, yaani afike siku ya 46. Biashara yake haina kasoro, na sabuni inatoka vizuri. Kilichokosewa ni muda, na kosa hilo lilionekana tangu siku ya kwanza kwa yeyote ambaye angefungua daftari la mauzo.

Akiwa na hesabu hiyo mkononi, mazungumzo yanabadilika sura. Anaweza kumwambia muuzaji: “Mzigo huu kwangu unatoka katoni mbili kwa siku. Nipe mia moja, nikulipe za thelathini siku ya 15, za thelathini nyingine siku ya 30, na za arobaini zilizobaki siku ya 50.” Kila awamu inalipika kwa mauzo yaliyokwisha kufanyika, na faida inabaki dukani. Muuzaji naye anaona fedha ikirudi mapema badala ya kungoja siku moja ambayo huenda isilete kitu. Jambo hili ni zito kwake, kwa sababu mara nyingi na yeye anadaiwa na kiwanda, na anahitaji kujua tarehe hata zaidi ya kuhitaji haraka.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kwa mtu ambaye bado hajajulikana, ni kuchukua katoni 50 kwa siku 30. Zitaisha siku ya 25, zikiacha siku tano za tahadhari. Akishalipa, anachukua 50 nyingine, na hapo ana haki ya kuomba bei ya anayenunua 100, kwa kuwa muuzaji anauza idadi ileile huku deni lililo hatarini likiwa nusu. Hata asipokubaliwa bei hiyo, ombi lenyewe halimvunjii mtu heshima.

Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Ankara ikiandikwa tarehe 1 na mzigo ukafika tarehe 6, siku 30 za ankara ni siku 25 za kuuza. Ombeni hesabu ianze siku ya kupokea, na tarehe hiyo iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Mauzo yakipungua, dalili huonekana mapema. Kama siku ya 20 umeuza katoni 32 badala ya 40, awamu ya pili haitatimia, na huo ndio wakati wa kumpigia muuzaji simu, wakati bado ana siku kumi za kujipanga. Mweleze umeuza kiasi gani, utalipa kiasi gani tarehe ileile, na kilichobaki utakimaliza siku gani. Kupeleka nusu ya fedha kwa tarehe ya ahadi hulinda uaminifu kuliko kupeleka yote wiki mbili baadaye bila taarifa. Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa jumla hawalisahau kwa urahisi, nalo ni kusikia kwamba mdaiwa wao, huku akizima simu, amekwenda kuchukua sabuni ileile kwa muuzaji mwingine kwa taslimu.

Vivyo hivyo kwa katoni zilizofika zimeharibika: zioneshe siku ya kupokea na uombe ankara irekebishwe, badala ya kuzikata mwenyewe kwenye malipo mwezi mmoja baadaye, wakati hakuna tena anayeweza kuthibitisha ziliharibikia wapi.