Barua pepe ya kilaghai itume TEHAMA ikiwa nzima

Tuchukue mhasibu wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Asubuhi anapokea barua pepe inayodai kutoka kwa mnunuzi wa nje: "Ankara imebadilika, ingia hapa uione." Anashtuka, anapiga picha ya skrini, anaituma kwetu, kitengo cha TEHAMA, kwa WhatsApp, kisha anaifuta ile barua. Nia yake ni njema kabisa, ila ametuachia sura ya barua tu.

Tunachokihitaji kimefichika nyuma ya maandishi. Kila barua pepe hubeba kumbukumbu za safari yake, kama mihuri ya posta kwenye bahasha. Mistari ya `Received` huonyesha seva ilizopitia, `Return-Path` huonyesha anwani ya marejesho, ambayo mara nyingi haifanani na jina unaloliona, na `Message-ID` ni namba ya utambulisho wake. Kwa namba hiyo tunaweza kutafuta barua hiyohiyo kwenye masanduku ya wenzako na kuiondoa kabla hawajaifungua. Kwenye picha, hata anwani halisi iliyo chini ya kiungo haionekani.

Ukiisambaza kwa `Forward` ya kawaida, kumbukumbu hizo hupotea, kwa sababu hiyo tayari ni barua mpya iliyotoka kwako. Tumia `Forward as attachment`, ambayo ipo kwenye Gmail ya kompyuta na kwenye Outlook. Barua ya asili itasafiri nzima ndani ya kiambatisho. Usiifute mpaka tukuambie. (Meseji za simu za "tuma hela kwa namba hii" zina njia yake: 15040 ya TCRA.)

Kisha andika ulichofanya, bila aibu. Kusoma tu, kubofya kiungo, kufungua kiambatisho na kuandika nywila ni mambo manne tofauti, na kila moja lina kazi yake kwetu. Taja kifaa ulichotumia na saa. Hapo kwenye saa tunapotezana sana. Mhasibu akiandika "saa 4:14", fundi anaweza kwenda kupekua kumbukumbu za alfajiri, saa 04:14, wakati tukio limeandikwa 10:14. Mitambo mingine huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo itasomeka 07:14. Andika "saa 4:14 asubuhi (10:14)", nasi tutafika penyewe moja kwa moja.

Kama uliandika nywila, piga simu kwanza, barua ifuate baadaye. Tutaibadilisha nywila na kufunga vipindi vyote vya kuingia kwenye akaunti vilivyo wazi, maana tapeli aliyekwisha kuingia anaweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilishwa. Tutakagua pia kama ameweka kanuni ya kujipelekea nakala za barua zako. Na usitoe taarifa hiyo kwa akaunti ileile: huenda naye anaisoma.