Mnyororo wa dueti ni nini, na hesabu zake zinasema nini

Tuseme kuna video mbili fupi, zote za Lubumbashi. Ya kwanza ni ya dada wa Kamalondo anayelalamika kwamba wageni wamemaliza bukari yote na kumwachia sombe tupu. Ya pili ni ya kijana wa Katuba anayepiga mdundo kwa vijiko viwili juu ya beseni. Baada ya wiki mbili kila moja imefanyiwa dueti 40. Mtu anayetazama hesabu hiyo peke yake atasema zimesambaa sawasawa, lakini ukifungua dueti zenyewe moja baada ya nyingine unakuta safari mbili zisizofanana kabisa.

Dueti ni video inayowekwa ubavuni mwa video ya mtu mwingine, zote mbili zikicheza kwa wakati mmoja. Stichi, iliyoingia TikTok Septemba 2020, inachukua kipande kisichozidi sekunde tano cha video ya mwenzako kisha inaendelea na ya kwako. Instagram ilileta rimiksi yake mwaka 2021, na YouTube nayo ina namna zake za kuchukua sauti au picha ya mwingine. Video za kuitikia, ambazo mtu anaonekana akicheka au akikunja uso mbele ya video ya mwenzake, hutengenezwa kwa njia yoyote kati ya hizo. Kinachoziunganisha zote ni kwamba kila moja ina mzazi: ile video ambayo mtu alikuwa ameifungua alipobonyeza kitufe.

Mzazi huyo si lazima awe video ya kwanza. Mpiga gitaa wa Ruashi anaweza kufanya dueti na kijana wa beseni; mwimbaji wa Bukavu akaikuta video ya mpiga gitaa akaongeza sauti yake; mtu wa Goma akaikuta ya mwimbaji akaongeza ya pili. Huo ndio mnyororo. Video ya beseni ni mzazi wa gitaa, gitaa ni mzazi wa sauti ya Bukavu, na kila hatua ni kizazi kimoja.

Sasa turudi kwenye zile 40. Za bukari, 37 zimefanywa moja kwa moja juu ya video ya dada, na tatu tu juu ya dueti za wengine. Ukizichora kwenye karatasi unapata nyota: kitovu kimoja na mistari inayotoka pande zote. Za beseni zimekaa hivi: kizazi cha kwanza kina dueti 8, cha pili 14, cha tatu 12, cha nne 6. Jumla ni 40 vilevile, ila 32 kati yake hazikuzaliwa na kijana wa Katuba. Zimezaliwa na waliomwitikia, au na walioitikia wale.

Watafiti wana kipimo cha umbo hili. Mwaka 2016 Sharad Goel, Ashton Anderson, Jake Hofman na Duncan Watts walichapisha kazi juu ya namna mambo yanavyosambaa Twitter, na kipimo chao ni chepesi kueleza: chukua kila jozi ya vitu ndani ya mti, yaani mchoro mzima wa chanzo na vyote vilivyozaliwa nacho, hesabu hatua za kutoka kimoja hadi kingine, kisha tafuta wastani. Video moja na dueti zake 40 ni vitu 41, yaani jozi 820. Ikiwa dueti zote zimemwitikia yule wa kwanza, wastani ni hatua 1.95; hata uwe na dueti milioni moja, nyota haifiki 2. Zikiwa zimefuatana kwa mstari mmoja, kila mmoja akimwitikia aliyemtangulia, wastani ni 14. Miti ya kweli huangukia katikati. Watafiti hao waliona pia kwamba ukubwa na umbo haviendi sana pamoja: jambo linaweza kuwafikia wengi mno kwa kutangazwa na chanzo kimoja, bila kupita mikononi mwa watu wengi.

Kwa mfano wetu, nyota ya bukari inaonyesha kwamba video ya dada ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yote. Huenda TikTok iliisukuma mbele ya watu wengi, huenda akaunti kubwa ya Kinshasa iliitaja. Msukumo huo ukikoma, dueti zinakoma nazo, kwa sababu karibu hakuna dueti inayozaa nyingine. Beseni limehama mikono. Mpiga gitaa ameleta watazamaji wake, mwimbaji wa Bukavu wa kwake, na wengi wao hawajawahi kumwona kijana wa Katuba isipokuwa kama kapicha kadogo pembeni ya skrini.

Ukitaka kujua kama mnyororo bado una nguvu, gawanya kila kizazi kwa kilichokitangulia. Kizazi cha pili kwa cha kwanza, 14 kwa 8, ni 1.75: kila dueti imezaa karibu mbili. Cha tatu kwa cha pili, 12 kwa 14, ni 0.86. Cha nne kwa cha tatu, 6 kwa 12, ni 0.5. Ikizidi 1 mti unapanuka. Ikishuka chini ya 1 unaelekea kukauka. Kwa macho haya beseni lilipanda kwenye kizazi cha pili na sasa linazimika.

Hapo ndipo wengi wanajikwaa. Dueti za kizazi cha tatu nyingine zimewekwa juzi. Zile za kizazi cha kwanza zimekuwa na karibu wiki mbili za kuzaa, hizi zimekuwa na siku mbili. Kizazi cha mwisho kitaonekana dhaifu siku zote, hata kwenye mnyororo ulio hai. Dawa yake ni kukipa kila kizazi muda uleule: hesabu tu watoto waliozaliwa ndani ya siku tatu tangu mzazi wao awekwe, na dueti ambayo haijatimiza siku tatu iache nje ya hesabu. Namba zitapungua, lakini zitalinganishika.

Skrini nayo ina mchango wake katika kufupisha minyororo. Kwenye dueti ya ubavu kwa ubavu, video ya mzazi inabaki na nusu ya upana. Ukifanya dueti juu ya dueti hiyo, yule wa kwanza anabaki na robo. Mara ya tatu, sehemu ya nane. Ndiyo maana minyororo mirefu zaidi huwa ya muziki, kwa sababu sauti haipungui upana. Mwishoni mwa 2020 tarishi wa posta wa Uskoti, Nathan Evans, aliimba wimbo wa zamani wa mabaharia peke yake huku akigonga mdundo. Mtu akaongeza sauti nzito ya chini, wengine wakaongeza sauti za kati na ala, na kila safu ilikuwa dueti juu ya safu iliyotangulia. Kichekesho cha bukari hakiwezi kwenda hivyo. Anayetaka kumcheka dada anataka uso wa dada uonekane vizuri, kwa hiyo anarudi kwenye video ya kwanza hata kama aliiona kwanza ubavuni mwa mtu mwingine. Nyota yake kwa hiyo inaonekana nyota zaidi kuliko ilivyo: mti unarekodi kitufe kilibonyezwa wapi, haurekodi video ilionwa wapi.

Namna ya kuufuata mti ni ya mikono na inachosha. TikTok humwekea mwenye dueti maelezo yanayomtaja mzazi, na kwa kuwa simu nyingi za huku zimewekwa Kifaransa, utakuta `#duo avec @jina` kwenye nyingine na `#duet with @jina` kwenye nyingine. Ukitafuta kwa lugha moja unapoteza sehemu ya mti, na kwa Lubumbashi nadhani utapoteza kubwa ukianza na Kiingereza. Unaanza na jina la kijana wa beseni, unaandika kila dueti na tarehe yake, kisha unatafuta tena kwa jina la kila mmoja wa hao. Wako wanaofuta maelezo hayo kabla ya kuweka video, na wenye akaunti za faragha hawataonekana kabisa. Mti wako utakuwa na mapengo, hasa kwenye matawi madogo.

Wengine wanaruka kazi hii na kuchukua namba iliyo kwenye ukurasa wa sauti, pale TikTok inapoonyesha idadi ya video zilizotumia sauti fulani. Namba hiyo ni ya kitu kingine. Ina dueti ndani yake, lakini ina pia waliochukua mdundo wa beseni wakacheza ngoma juu yake bila kumwonyesha kijana, na ina mwenye duka aliyeuweka chini ya picha za vitenge. Wakati huohuo, mtu akiipakua video na kuiweka upya kwenye akaunti yake, sauti inapata ukurasa mpya na hesabu inaanza upya. Mdundo mmoja unaweza kuwa na kurasa tatu zisizojuana.

Sifuri nayo isikudanganye. Mwenye video anaweza kufunga dueti na stichi, na kwa akaunti za walio chini ya miaka 16 TikTok imezifunga yenyewe. Video kama hiyo inaweza kuonwa na mji mzima huku mti wake ukiwa shina tupu. Halafu, dueti ya kusifu na dueti ya kukejeli zinahesabiwa sawa. Ukiona dueti zimeongezeka ghafla, tazama walau kumi kabla ya kusema video imependwa; dada wa bukari huenda anachekwa yeye badala ya kichekesho chake.

Pengo kubwa kuliko yote kwa huku kwetu ni WhatsApp. Mega ni ghali, na wengi hupokea video ya TikTok kama faili kwenye kundi la familia au la kanisa, ikiwa na jina la mwenyewe pembeni kama chapa. Hakuna hata moja ya safari hizo inayoingia kwenye mti wa dueti. Hata hivyo WhatsApp inakupa alama moja ya umbo: mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umepita angalau hatua tano za kutumiwa tena tangu kwa aliyeutuma kwanza, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja. Mishale hiyo inahesabu vizazi, haihesabu watu. Kwa hiyo video ya bukari ikiingia kwenye kundi la familia yako na mishale miwili, unajua kwamba nyota uliyoichora kutoka TikTok ina mnyororo wa vizazi visivyopungua vitano unaoning'inia mahali usipoweza kuuona, na hujui kama umepita kwa watu kumi au elfu kumi.