Kuchemsha, kuchoma, mvuke au kukaanga: mafuta yanabaki wapi?

Nimepimwa, uzito umepanda, wameniambia nipunguze mafuta. Nikiacha kukaanga, nikawa nachemsha tu, itatosha?

Inategemea unachemsha nini na unamimina nini ndani yake. Maji hayana kalori hata moja, na moto pia hauna. Kinachoongeza kalori hasa jikoni ni mafuta yale yanayofika kwenye sahani. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe mawese, ya karanga au yale meupe ya chupa, kina karibu kalori 120. Kwa hesabu ya kalori mafuta hayo yote ni ndugu.

Sasa angalia sombe. Kila mtu hapa Bukavu atakwambia sombe ni chakula cha kuchemsha, na ni kweli, inakaa kwenye mbabula saa nzima na zaidi. Lakini karibu na mwisho mama anamimina mawese, na akiwa na wageni anaongeza na karanga za kusaga. Mafuta yakishaingia humo hayatoki tena. Hakuna kuyachuja wala kuyarudisha kwenye chupa, yote yataliwa. Ndiyo maana sombe inaweza kuwa na mafuta mengi kuliko makemba ya kukaanga.

Lakini makemba yanaogelea kabisa kwenye mafuta! Yanawezaje kuwa na mafuta machache kuliko sombe?

Pima mwenyewe, huhitaji mashine. Chukua chupa ya maji ya mililita 500, ijaze mafuta mpaka kwenye alama, uyamimine kwenye kikaango. Kaanga makemba yako. Mafuta yakipoa kabisa, yachuje uyarudishe kwenye chupa ileile. Pengo unaloliona juu ndilo mlilokula, ukiacha matone machache yaliyobaki kwenye kikaango.

Tuseme umekaanga makemba kilo moja yaliyomenywa, ya watu watano, na chupani zimerudi mililita 430. Zilizopotea ni 70. Mililita moja ya mafuta ina karibu kalori 8, kwa hiyo ni kalori 560 kwa sufuria nzima, au 112 kwa kila mtu, juu ya zile za makemba yenyewe.

Sombe ya watu haohao watano ikitiwa mililita 200 za mawese, na nimeona mikono inayomimina zaidi ya hapo, ni kalori 1,600. Kila mtu anapata 320, kabla hatujagusa bugali. Kwa kalori za mafuta peke yake, chakula cha kuchemsha kimekipita cha kukaanga karibu mara tatu.

Sisemi sombe iachwe, mimi mwenyewe siiachi. Ila mawese yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kwa macho. Vijiko vikubwa vitano kwa watu watano vinatosha kuleta ladha na rangi, na hapo kila mtu amepata kalori 120 za mafuta.

Mbona siku nyingine makemba yangu yanatoka makavu, siku nyingine yanalowesha karatasi nzima?

Hapa ndipo kukaanga kunapoharibikia. Kipande kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Vile viputo unavyoviona ni mvuke huo, na ukiwa bado unatoka, mafuta hayapati njia ya kuingia. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baadaye, ukishakitoa kipande: kinaanza kupoa, mvuke uliomo unatulia, na mafuta yaliyobaki juu yake yananyonywa ndani.

Kwa hiyo dakika ya kwanza nje ya kikaango ndiyo ya maana. Inua makemba kwa kijiko chenye matundu, yakung'ute palepale juu ya mafuta, kisha yatandaze kwenye kichujio au karatasi yakiwa bado moto. Ukiyarundika kwenye bakuli mpaka yapoe, yameshakunywa.

Moto nao una neno lake. Mafuta yakiwa vuguvugu, au ukijaza kikaango mpaka mafuta yapoe, chakula kinakaa humo muda mrefu na kutoka kimelegea na kizito. Tupa kipande kimoja kwanza: viputo visipotoka haraka pande zote, ngoja. Mafuta yaliyotumika mara nyingi pia huwa mazito, hung'ang'ania chakula na hayachuruziki. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu na harufu kali, yamekwisha kazi.

Kisha kuna ukubwa wa vipande. Kadiri unavyokata vyembamba ndivyo sehemu inayogusa mafuta inavyoongezeka. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina karibu kalori 87. Gramu 100 za friti zinafika karibu 310, kwa sababu maji yametoka na mafuta yameingia mahali pake. Sambaza wana tatizo hilohilo: samaki wadogo, wengi, kila mmoja amevaa mafuta yake pande zote. Ukiwapaka unga kabla ya kukaanga, unga nao unakunywa.

Burosheti na samaki wa kuchoma, hao si salama?

Kwa kalori, ndiyo, mara nyingi. Nyama ya mbuzi ina mafuta machache, na yale kidogo yaliyopo yanadondokea kwenye makala. Gramu 100 za mbuzi wa kuchoma zina karibu kalori 140. Usishtuke ukisoma mahali kwamba gramu 100 za tilapia mbichi zina kalori 96 na za kuchoma 128. Moto haukuongeza kitu, maji tu yamepungua, kwa hiyo gramu 100 za samaki aliyechomwa zina nyama nyingi zaidi. Samaki mzima ni yuleyule.

Mchezo uko pembeni ya burosheti. Mchomaji anapaka mafuta kwa brashi kila anapogeuza, kisha inakuja sahani ya makemba ya kukaanga na mayonezi. Kijiko kikubwa cha mayonezi kina kalori 90 hadi 100. Na ile sehemu iliyoungua ikawa nyeusi, ikate uiache, hiyo si habari ya kalori.

Na kupika kwa mvuke?

Hakuongezi kitu, sawa na kuchemsha. Liboke ni mfano mzuri: samaki amefungwa kwenye majani na nyanya, kitunguu na pilipili, anaiva kwa mvuke wake mwenyewe juu ya makala. Halowi maji, kwa hiyo ladha haimwagwi na maji, na huhitaji mafuta kumfanya alike. Kwa mtu anayepunguza uzito, hii ndiyo ningeichagua kwanza.

Mtoto wangu wa mwaka mmoja ni mwembamba. Naye nimpikie bila mafuta kama mimi?

Hapana, mama. Yeye hesabu yake inakwenda kinyume na yako. Tumbo lake ni dogo, uji mwepesi unalijaza kabla hajapata nguvu ya kutosha. Kijiko kidogo cha mawese kwenye bakuli la uji wa masoso kinaongeza karibu kalori 40 bila kuongeza ujazo, na mawese mekundu yana kile kinachogeuka vitamini A mwilini. Yatie mwishoni. Usiyachemshe kwanza mpaka yawe meupe, maana rangi ile nyekundu ikiondoka, faida hiyo nayo imeondoka. Lakini akiwa anazidi kukonda, au miguu yote miwili imevimba na ukiibonyeza shimo linabaki, usijaribu kumtibu kwa mafuta nyumbani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, wampime mkono na uzito.