Mstari wa siku 7 kwenye grafu ya mauzo: dhana potofu na ukweli kutoka duka moja la Lamu

Mjomba wangu ana duka la vyakula Langoni, Lamu, na mimi ndiye ninayemwekea hesabu. Wiki ya kawaida mauzo yake huwa hivi, kwa shilingi: Jumamosi 18,000, Jumapili 17,000, Jumatatu 15,000, Jumanne 16,000, Jumatano 18,000, Alhamisi 26,000, Ijumaa 9,000. Alhamisi watu hununua vya siku mbili, na Ijumaa duka hufungwa kabla ya sala na halifunguliwi tena hadi alasiri imeiva. Ukizichora siku hizo moja moja unapata meno ya msumeno, hujui biashara inapanda au inashuka. Ndiyo maana tunachora wastani wa siku 7 unaosogea: kila siku tunajumlisha mauzo ya leo na ya siku 6 zilizotangulia, tunagawa kwa 7, kesho tunasogea hatua moja. Wiki hiyo jumla ni 119,000, wastani 17,000.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Watu hukosea katika kuusoma mstari wenyewe.

Dhana: saba ni namba tu, hata tano ingelainisha

Saba imechaguliwa kwa sababu wiki ina siku 7. Dirisha la siku 7, yaani siku 7 zinazojumlishwa pamoja, popote uliwekapo, lina Alhamisi moja na Ijumaa moja, si zaidi wala pungufu. Kwa hiyo kishindo cha Alhamisi na unyonge wa Ijumaa havina nafasi ya kuuyumbisha mstari.

Chukua siku 5 kwenye mauzo yale yale, na tuseme kila wiki inafanana kabisa na nyingine. Jumanne dirisha lina Ijumaa ndani yake lakini halina Alhamisi, na wastani unakuwa 15,000. Siku mbili baadaye Alhamisi imeingia na Ijumaa imetoka, wastani 18,400. Mwenye duka ataona ongezeko la 3,400 kwa siku mbili na huenda akaagiza magunia zaidi kutoka Mokowe, wakati dukani hakuna kilichobadilika. Siku 10 nazo zina dosari hiyo hiyo, ila ni ndogo zaidi. Ukitaka mstari mlaini zaidi nenda 14, 21 au 28, yaani wiki kamili.

Dhana: mstari ukishuka leo, leo tumeuza vibaya

Hii ndiyo iliyomsumbua mjomba, na nadhani ndiyo inayoumiza wengi.

Jumatatu moja watu wa harusi walikuja kuchukua mchele, mafuta na sukari kwa mkupuo. Siku hiyo aliuza 57,000 badala ya 15,000. Mstari ukaruka kutoka 17,000 hadi 23,000, ukakaa huko huko juu wiki nzima kwa sababu siku nyingine zilikwenda kama kawaida yake. Jumatatu iliyofuata aliuza 22,000, ambayo kwa Jumatatu isiyo na harusi ni siku nzuri sana. Jioni akafungua simu akaona mstari umeporomoka hadi 18,000. Akanipigia: "Mpwa wangu, mbona leo nimeuza vizuri na grafu yako inasema nimeanguka?"

Jibu liko katika namna mstari unavyosogea. Siku mpya ikiingia dirishani, siku moja ya zamani hutoka, na iliyotoka ni siku ile ile ya wiki iliyopita. Kwa hiyo mstari husogea kwa kiasi hiki:

```
(mauzo ya leo − mauzo ya siku kama leo wiki iliyopita) / 7
```

Weka namba: 22,000 toa 57,000 ni hasi 35,000, gawa kwa 7, unapata hasi 5,000. Ndiko huko kutoka 23,000 hadi 18,000. Kilichoanguka ni harusi kutoka dirishani. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mstari unapanda ghafla, unakaa juu kama meza kwa siku 7, kisha unashuka ghafla. Ukiona meza ya namna hiyo, rudi kwenye siku ilipoanzia. Utakuta siku moja kubwa imekaa pale. Mimi sasa huziacha nukta za kila siku zionekane kwa rangi hafifu nyuma ya mstari, na siku ya harusi naiandikia maelezo. Siifuti, kwa sababu fedha iliingia kweli.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza kwa nini mstari huchelewa kuonyesha mabadiliko. Mjomba akianza Jumamosi kuuza 7,000 zaidi kila siku, mstari utapanda 1,000 kwa siku na kufika kimo chake kipya Ijumaa. Kwenye grafu itaonekana biashara imekua polepole wiki nzima, ilhali ilibadilika siku moja. Wastani unaoandikwa leo kwa kweli unaeleza hali ya kati ya dirisha, yaani siku 3 zilizopita.

Dhana: siku ya duka kufungwa iachwe wazi

Kwenye lahajedwali, kama tarehe ya kwanza iko mstari wa 2 na mauzo safu ya B, wastani wa kwanza huandikwa mbele ya siku ya saba:

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

`AVERAGE` hairuki sifuri, lakini huruka seli tupu. Tuseme Idd imeangukia Ijumaa na duka halikufunguliwa. Ukiacha seli wazi, jumla ya 110,000 inagawanywa kwa 6 na wastani unakuwa takriban 18,300: duka limefungwa na mstari umepanda! Ukiandika 0, unagawa kwa 7 na kupata takriban 15,700, na hicho ndicho kilichoingia kwa siku katika wiki ile.

Baya kuliko yote ni kutoiandika kabisa tarehe hiyo. Hapo mistari 7 ya lahajedwali haitakuwa tena siku 7. Wastani wa Jumamosi utabeba Jumamosi mbili na Ijumaa hakuna. Kila tarehe iwe na mstari wake kwenye lahajedwali, hata kama haukuuzwa hata mkate.

Dhana: ukishalainisha, wimbi lililobaki ni mwelekeo wa biashara

Wastani wa siku 7 huondoa mzunguko wa wiki tu. Huku kwetu kuna mzunguko mwingine ambao haujui Jumatatu wala Ijumaa: bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni takriban siku 14 na robo tatu, nusu ya mwezi mwandamo. Muuza samaki ambaye mzigo wake hufuata maji ataona wimbi hilo likibaki kwenye mstari wake kwa karibu theluthi mbili ya ukubwa wake wa awali, akadhani wiki hii soko limekufa na ile limefufuka.

Kwake yeye ningechora siku 14. Ni wiki mbili kamili, kwa hiyo Ijumaa haimsumbui, na urefu huo unakaribia bamvua hadi bamvua kiasi kwamba wimbi la maji hubaki kidogo mno, karibu sehemu 1 kati ya 18. Gharama yake ni kwamba habari itamfikia imechelewa siku 6 na nusu badala ya 3.