“Ulifikaje hapa?”: safari ya sentensi moja ya tasnifu

Swali lililonimaliza siku ya kutetea tasnifu yangu ya uzamili lilikuwa na maneno mawili tu. Mtahini wa nje alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akasoma kwa sauti: “Wanawake wengi huchelewa kuanza kliniki ya wajawazito kwa sababu ya aibu.” Akainua macho. “Ulifikaje hapa?”

Nikamsomea nukuu ya mama mmoja. Akasema nukuu moja hata mwandishi wa habari anayo. Yeye alitaka kujua ni wanawake wangapi walilitaja jambo hilo na kwa maneno gani, nani alisema kinyume, na ni lini niliamua kwamba neno “aibu” linabeba yote yale. Nikabaki natazama meza. Sikuwa nimetunga: mahojiano 18 yalikuwapo, na sauti zote zilikuwa kwenye kompyuta. Lakini kati ya zile sauti na ile sentensi palikuwa na pori, na mimi nilikuwa nimelipita bila kuvunja hata kijiti kimoja cha kunionyesha njia ya kurudi.

Tasnifu ilirudishwa kwa marekebisho makubwa. Leo nasimamia wanafunzi wanaofanya utafiti wa kimaelezo (wengine huuita wa kitaamuli), na wakiniuliza habari ya uaminikaji nawasimulia safari ya sentensi hiyo hiyo moja.

Kwanza msamiati, kwa ufupi. Mwaka 1985 Yvonna Lincoln na Egon Guba walipendekeza kwamba utafiti wa aina yetu usipimwe kwa vipimo vya watu wa takwimu, bali kwa vigezo vinne: usadikifu, uhamishikaji, utegemeo na uthibitikaji. Usadikifu ni iwapo ulichoandika kinafanana na maisha ya wale waliokusimulia. Uhamishikaji ni iwapo msomaji wa mahali pengine anaweza kupima kama matokeo yako yanamfaa. Viwili vya mwisho, yaani iwapo hatua zako zinaeleweka na ni thabiti, na iwapo matokeo yametoka kwenye data na si kichwani mwako, hutegemea sana kile wahasibu wanachokijua siku nyingi, yaani nyayo za ukaguzi: kumbukumbu zinazomwezesha mtu mwingine kufuata hatua zako. Katika kazi yao Lincoln na Guba walitumia mpangilio wa Halpern, aliyeshughulikia nyayo hizo katika tasnifu yake ya 1983. Mpangilio huo una mafungu sita, kuanzia data ghafi hadi kumbukumbu za nia na hisia za mtafiti mwenyewe. Wanafunzi hukariri mafungu hayo kwa ajili ya mtihani, kisha hawafungui hata daftari moja. Nilikuwa mmoja wao.

Sasa turudi kwenye aibu. Utafiti ulikuwa katika kijiji cha wavuvi, pwani ya kusini ya Tanzania. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linashauri mjamzito aonane na mhudumu kwa mara ya kwanza kabla ya kutimiza wiki 12. Wengi wa niliowahoji walikuwa wameanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano au sita, nami nilitaka kujua kwa nini.

Nilihoji kwa Kiswahili, lakini tasnifu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilifanya wanachofanya wengi wetu: nilitafsiri mahojiano kwanza, kisha nikaweka misimbo, yaani majina mafupi ya kila wazo, juu ya tafsiri. Wakati wa marekebisho nililazimika kusikiliza rekodi zote upya, na kwenye mahojiano ya saba nikasimamisha sauti. Mama alikuwa amesema, “Mimba changa vile, niliona haya kwenda kujionyesha.” Kwenye ya kumi na moja, mwingine alikuwa amesema, “Ni aibu, unarudishwa mbele za watu kama mwizi.” Katika tafsiri yangu wote wawili walipewa neno moja la Kiingereza, wakaingia kwenye msimbo mmoja.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba haya na aibu ni vitu viwili. Haya ni ya mtu mwenyewe, ni staha, na mwenye haya husifiwa. Aibu inakupata ukiwa mbele ya macho ya watu. Yule wa saba alikuwa anaificha mimba changa isisemwesemwe, kama alivyofunzwa na bibi yake. Yule wa kumi na moja hakuwa na neno na mimba yake. Kilichomuumiza ni kwamba alikwenda zahanati bila mume, akaambiwa arudi na mwenza wake au alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, na yote hayo yakasemwa foleni nzima ikisikia. Nilipohesabu upya, wanawake wanane kati ya 18 walikuwa wamerudishwa angalau mara moja. Sentensi yangu ilikuwa imeutupia moyo wa mwanamke kosa lililokuwa mlangoni mwa zahanati.

Hapo ndipo nilipolazimika kuulizia usadikifu kwa dhati. Kitabuni utaambiwa uwarudishie washiriki matokeo yako wayathibitishe. Nikarudi kijijini, nikakaa na kina mama watano, nikawasomea muhtasari, nikauliza, “Je, ni sahihi?” Wakajibu kwa pamoja, “Sahihi kabisa, mwalimu.” Ningewasomea kwamba wanachelewa kwa sababu ya mvua, wangenijibu vivyo hivyo. Mgeni aliyefunga safari kuja kwako humwambii kwamba amekosea. Ni heshima, na nawaomba wenzangu msiiandike heshima hiyo kwamba ni uthibitisho.

Siku ya pili nilibadili namna. Niliwapa visa viwili vya wanawake wa kubuni: mmoja anabaki nyumbani kwa kuficha mimba changa, mwingine anabaki nyumbani kwa sababu alisharudishwa. Sikuuliza kipi ni kweli. Niliuliza, “Hapa kwenu, ni yupi mnamfahamu zaidi? Na nani hapa kijijini angesikia habari hii akakataa?” Swali la pili ndilo lililofungua midomo. Waliniambia wanawake wenye mimba ya kwanza wangekataa habari ya kurudishwa, kwa sababu wao huficha na hawajafika hata mlangoni. Wenye watoto wawili watatu ndio wanaoijua foleni. Mgawanyo huo haukuwa kwenye uchambuzi wangu. Nikarudi kwenye data kuukagua, nikakuta umesimama, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Huyo mmoja ndiye aliyenifundisha zaidi. Alikuwa na mimba ya tatu, hakuwa na mume, na alianza kliniki mwezi wa pili. Katika tasnifu ya kwanza nilikuwa nimemwacha kando kimyakimya kwa sababu aliniharibia mada. Kumbe kisa kinachopingana nawe ndicho unachopaswa kukifuata hadi mwisho. Nilipomsoma vizuri nikakuta kwamba muuguzi aliyekuwa zamu ni jirani yake, na ndiye aliyemwambia, “Njoo jumatano asubuhi, nitakuwapo mimi.” Kwa hiyo hakuwa ameuvunja utaratibu, alikuwa na mtu wa kumpitisha. Maelezo yangu yakabadilika tena: kinachowachelewesha hawa wenye watoto ni kukosa mwenza *pamoja na* kukosa mtu wa kufahamiana naye ndani.

Uhamishikaji nitausema kwa mfano mmoja, maana ndio unaosumbua zaidi kwa kueleweka vibaya. Mwanafunzi huandika, “Matokeo haya yanaweza kutumika vijiji vingine vya Tanzania.” Hiyo si kazi yake kusema. Yeye hakuvifikia hivyo vijiji vingine. Anayeamua ni msomaji aliyeko huko, na kazi ya mtafiti ni kumpa vya kuamulia. Katika tasnifu ya kwanza nilieleza eneo kwa idadi ya watu, shughuli za kiuchumi na umbali hadi makao makuu ya wilaya. Mambo hayo yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia mtu. Sikuandika kwamba waume wa kijiji kile huenda dago, kambi za uvuvi za mbali, wakakaa huko wiki au miezi kufuata samaki. Sikuandika kwamba wajawazito wapya walipokewa siku moja tu ya juma. Wala sikuandika kwamba mwenyekiti, ambaye barua yake ilihitajika, naye ni mvuvi na huenda dago na wenzake.

Weka hayo matatu pamoja, na mganga wa zahanati ya wakulima wa mtama bara ataona mara moja kwamba kwake mambo ni tofauti, kwa kuwa waume wake wapo. Lakini wa kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako wanaume nao huondoka, atasema, “Hii inanihusu.” Mkulima na mchimbaji sikuwataja popote kwenye tasnifu, wala haikuhitajika.

Nyayo zenyewe si kitu cha ajabu. Mimi hutumia faili moja la kawaida, naandika siku ileile uamuzi unapofanyika. Hili ni ingizo la siku nilipovunja msimbo:

```
Tarehe:   14/03
Chanzo:   MH07, MH11, MH15 (rekodi, si tafsiri)
Uamuzi:   Msimbo AIBU umevunjwa: HAYA / KURUDISHWA
Sababu:   MH07 "niliona haya" = mimba changa
          MH11, MH15 "aibu" = foleni ya zahanati
Naacha:   wazo kwamba aibu inatoka nyumbani
Mimi:     nililipenda wazo hilo, lilifanana na kwetu
```

Mstari wa mwisho huwatia wanafunzi soni, lakini ndio unaomsaidia mkaguzi kuliko yote. Nilikulia nyumba ambayo mimba haikutajwa hadi itaje yenyewe, na ndiyo maana niliisikia aibu ya nyumbani hata palipotajwa foleni.

Kujua kama nyayo zinapitika kuna jaribio rahisi. Mpe mwenzako ambaye hakushiriki sentensi tano za sura ya matokeo, mpe folda, kisha nyamaza. Kutoka kwenye sentensi afike kwenye mada, kutoka mada hadi msimbo, kutoka msimbo hadi kifungu cha mahojiano, kisha dakika ya rekodi. Ukijikuta unainuka kumwelekeza, hapo pamekatika. Mwenzangu alizifikisha nne. Ya tano ilikuwa nzuri kweli, kuhusu mama wakwe, na ilimfikisha kwenye kumbukumbu yangu ya uwandani isiyo na tarehe wala msemaji. Nikaifuta.

Nyayo zina mipaka yake. Mtu anaweza kuweka kumbukumbu safi za uchambuzi mbovu, na mkaguzi atauona ubovu huo vizuri zaidi, basi. Tena nyayo zilizo wazi mno humfichua mshiriki: mwenye mimba ya tatu, hana mume, jirani yake ni muuguzi, kwenye kijiji kile hata mtoto atakutajia jina lake. Ndiyo maana orodha inayounganisha MH07 na mtu halisi haikai kwenye folda anayopewa mkaguzi, na mambo mawili ya kisa cha yule mama nimeyabadilisha hata hapa.