"Ni mawazo tu" si jibu kwa kichwa kinachouma kila siku

Wiki hii ni mtu wa tatu anaingia kwangu akiwa amekasirika. Kichwa kinamuuma karibu kila siku, amepimwa macho, amepimwa damu, amepigwa picha, vyote havina tatizo, kisha akaambiwa: "Ni mawazo tu, punguza mawazo, nenda kwa mwanasaikolojia." Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kwa hiyo na wewe unaona najifanya mgonjwa?"

Hapana. Naomba neno hilo "tu" liondolewe kabisa vinywani mwetu. Maumivu ya kichwa ya mkazo ni maumivu halisi. Yanabana pande zote mbili kama utepe uliokazwa, hayapigi kama moyo, na kwa kawaida hayakulazi kitandani wala kukutapisha jinsi kipandauso kinavyofanya. Yakikupata siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, tunayaita sugu. (Kichwa kilichoanza ghafla kwa kishindo, chenye homa na shingo ngumu, chenye ganzi, udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, au kichwa kipya baada ya miaka 50, hicho si cha kwangu. Nenda kwa daktari leo.)

Sasa tuone jinsi wasiwasi unavyoingia kwenye nyama. Kunja ngumi kwa robo tu ya nguvu zako, uishikilie hadi umalize kusoma ukurasa huu. Haiumi sasa hivi, ila baada ya muda mkono utaanza kulalamika. Mtu mwenye hofu hufanya hivyo hivyo kwa taya, panja, kisogo na mabega, kwa saa nyingi, bila kujua. Mwili unajiandaa kupokea pigo ambalo halijafika. Ukimbonyeza misuli hiyo kwa kidole anaruka, na wengi hushangaa, kwa sababu hawakujua kwamba hapo panauma.

Lakini hapa ndipo watu wanapokosea, hata wenzangu. Wanadhani hadithi inaishia kwenye misuli: misuli imekaza, ikandwe, ilegee, kichwa kipone. Ingekuwa hivyo, kukandwa mara moja kungetosha. Tunapopima umeme wa misuli ya wagonjwa hawa, wengine misuli yao haijakaza kuliko ya watu wasioumwa kichwa. Wengine imekaza sana na hawaumwi. Kinachoonekana kwa uhakika zaidi ni wepesi wa kuumia pale panapobonyezwa. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni haya: misuli ikituma ishara za maumivu siku baada ya siku, neva zinazozipokea kwenye uti wa mgongo wa shingo na shina la ubongo huwa nyepesi kupita kiasi. Ishara ndogo inasomwa kuwa kubwa. Wakati huo huo wasiwasi unadhoofisha breki ambazo ubongo hutumia kuzima maumivu. Basi kichwa kinaendelea kuuma hata siku ambayo mabega yamelegea. Msongo ulikianzisha, na sasa hofu ya kichwa chenyewe inakilisha.

Nina shaka moja ninayoikiri. Sijui kwa hakika ni nini katika tiba yangu kinachoponya. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1984, watu walifundishwa kudhibiti misuli ya paji la uso kwa kutumia mashine. Baadhi yao bila kujua walifundishwa kuikaza badala ya kuilegeza. Walioaminishwa kwamba wanafaulu sana walipata nafuu kubwa zaidi, hata kama misuli yao ilikuwa inakaza. Yaani huenda kilichowasaidia ni kuona kwamba wana uwezo juu ya kichwa chao. Nafundisha kulegeza misuli kila siku, na bado utafiti huo unaniwasha.

Nieleze kazi yenyewe kwa mgonjwa mmoja, ambaye nimebadilisha mambo yake asitambulike. Mama wa miaka 34, mhasibu, kichwa siku 24 kwa mwezi. Wiki mbili za kwanza sikumfundisha chochote. Nilimpa daftari: saa, ukali kutoka 0 hadi 10, taya na mabega yakoje, nini kilikuwa kinatokea, nini kilipita kichwani, na vidonge vingapi. Yeye alikuwa na hakika kwamba kichwa huanza saa kumi jioni kwa sababu ya uchovu. Daftari lilionyesha kingine. Meno yake yalikuwa yameshikana tangu saa nne asubuhi, kila ujumbe wa mkuu wake ulipoingia, na alikuwa anabana pumzi kabla ya kuufungua. Pembeni aliandika: "Nikikosea safari hii, watajua siiwezi kazi."

Daftari lilionyesha pia dawa za kutuliza maumivu siku 18 kwa mwezi. Hili nalisema haraka ila ni zito: vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vya mchanganyiko siku 10, vinaweza vyenyewe kudumisha kichwa. Alivipunguza akiwa na daktari wake, na wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote.

Kisha tukaanza. Kaza kundi moja la misuli kwa sekunde 5 hadi 7, achia kwa nusu dakika, sikiliza tofauti. Tulianza na makundi 16, tukashuka hadi manne, mwisho akawa analegeza kwa kukumbuka tu, bila kukaza kwanza. Kila simu ilipolia, alikagua: midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umetulia. Watu wengi hawajui kwamba meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana mtu akiwa amepumzika.

Kazi kubwa ilikuwa ile sentensi ya pembeni. Sikumwambia "usiwe na wasiwasi", maana hakuna aliyewahi kutulia kwa kuamriwa. Nilimuuliza anaikagua ripoti mara ngapi kabla ya kuituma. Mara tano. Tukakubaliana aikague mara moja, aandike kwanza anachotabiri kitatokea, kisha aandike kilichotokea. Ripoti ya kwanza ilirudi na kosa moja, akarekebisha kwa dakika mbili, na hakuna aliyemwita ofisini. Kosa lile lilitufaa kuliko ripoti safi, kwa kuwa aliliona pigo alilokuwa analisubiri lina ukubwa gani.

Wanaoniuliza kama mazungumzo yanashinda dawa, jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilihusisha watu wazima 203 wenye kichwa hiki sugu. Waliopungukiwa angalau nusu ya maumivu walikuwa asilimia 38 kwa dawa za sonona za jamii ya amitriptilini, 35 kwa mafunzo ya kukabili msongo, 29 kwa vidonge visivyo na dawa, na 64 kwa waliopata vyote viwili. Dawa ilianza kufanya kazi mapema zaidi. Mafunzo yale yalikuwa vikao vitatu tu na simu mbili. Kwa hiyo simkatazi mtu dawa ya kinga, na nikimwona mwenye huzuni nzito au asiyelala, mimi ndiye ninayemrudisha kwa daktari aiulizie.

Yule mama, baada ya miezi mitatu, alikuwa na siku 11 kwa mwezi. Mwisho wa kila robo ya mwaka, wakati wa kufunga hesabu, kichwa bado humrudia, na humrudia akiwa na taya zilizoachana.