Moja au saba? Uliza jumla

“Nikiikazia macho tarakimu iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari la hesabu, si nitajua tu kama ni 1 au 7?”

Hapana. Moja yenye mkia mrefu juu na saba iliyosimama wima zinaweza kufanana kabisa, hata kwa kioo cha kukuzia. Hesabu ndiyo inayozitenganisha.

Tuseme umesoma 216, 183 na 349. Ukijumlisha unapata 748, lakini daftari limeandika 808. Tofauti ni 60. Ukisoma 7 kama 1, unapoteza 6, 60 au 600 kulingana na nafasi yake. Hapa ni makumi, na 1 ya makumi iko kwenye 216 pekee. Kumbe ni 276. Kwa 4 na 9, tofauti huwa 5, 50 au 500.

Ila jumla iliyopigwa baada ya mwandishi kunakili vibaya italingana na kosa lake. Hapo rudi kwenye risiti: idadi mara bei. Risiti ikikosekana, tazama safu ya tarehe. Mstari ulio kati ya tarehe 13 na 15, ukisomeka 14 au 19, hauna budi kuwa 14, kwa hiyo unakuonyesha 4 ya mkono uleule ilivyo, imefungwa juu au iko wazi.